Mechi ya Mamboleo Huanza Kondele: Hesabu ya Geti, Basi na Ngoma

Tarehe 23 Oktoba 2010, siku Gor Mahia ilipokutana na AFC Leopards katika uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, watu saba walipoteza maisha. Hawakuuawa na mashabiki wa upande wa pili. Walifia getini, katika msukumano wa watu waliotaka kuingia kutazama mpira. Ndugu msomaji, jambo hilo yafaa tulikumbuke kila tunapozungumzia usalama viwanjani, kwa sababu sisi tukisikia neno "fujo" akili hukimbilia mawe, chupa na vitambaa vya timu vinavyochanwa. Hayo yapo na yanaumiza. Lakini kinachoua watu kwa wingi mpirani ni msongamano, na msongamano hauna rangi ya jezi.

Leo nataka tutazame Mamboleo, kule Kisumu. Nimeuchagua uwanja huo kwa sababu mbili. Kwanza, ndio uwanja mkubwa wa mwambao wa Ziwa Viktoria, na mashabiki wa huko ndio wanaosafiri na kuimba kuliko wengine wote nchini. Wakija Mbaraki kucheza na Bandari, hata sisi wenyeji wakati mwingine hujihisi wageni. Pili, Mamboleo inaonyesha waziwazi jambo ambalo maafisa wetu hawapendi kulikubali: kwamba usalama wa siku ya mechi huamuliwa saa nyingi kabla ya kipenga, na wanaouamua kwa sehemu kubwa ni viongozi wa mashabiki wenyewe, watu wasiolipwa chochote.

Uwanja na barabara yake

Uwanja wa Jomo Kenyatta ulijengwa kwenye ardhi ya maonyesho ya kilimo ya Mamboleo, kando ya barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega. Taifa liliuona kwa mara ya kwanza tarehe 1 Juni 2021, sherehe za Madaraka zilipofanyika hapo. Unakusudiwa kuchukua watu kama 30,000. Uko kaskazini mwa mji, na anayetoka katikati ya Kisumu hupita Kondele, mtaa wenye kelele na siasa zake, kabla ya kufika.

Ukiitazama ramani ukiwa na debi ya Mashemeji akilini, utaona kitu cha ajabu. Debi hii imeitwa hivyo kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoana tangu zamani, na timu hizi mbili zimezaliwa katika jamii hizo. Sasa, mashabiki wa Gor wengi wao watatoka kusini: mjini Kisumu, Kondele, Nyalenda, Ahero na kwingineko. Mashabiki wa Leopards wengi wao watashuka kutoka kaskazini: Kakamega, Chavakali, Mbale na Majengo. Barabara ni moja, lakini makundi mawili yanaijia kutoka ncha tofauti, na uwanja uko katikati. Jijini Nairobi makundi haya huchanganyika mjini tangu asubuhi. Mamboleo, ikiwa mambo yatapangwa, yanaweza kufika, kuketi na kuondoka bila kupishana njiani hata mara moja. Yasipopangwa, makundi yote mawili yatakutana palepale mbele ya geti, kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo swali la maana si kama mashabiki hao ni wastaarabu au si wastaarabu. Swali ni saa ngapi kila kundi litafika.

Hesabu ya geti

Hebu tufanye hesabu kidogo, haina ugumu. Waingereza wana mwongozo wa usalama wa viwanja ambao huchukulia kwamba njia moja nyembamba ya kuingilia, ile ya kupita mtu mmoja mmoja, haipitishi zaidi ya watu 660 kwa saa. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, yaani mtu mmoja kila baada ya sekunde tano na nusu, tiketi ikiwa mkononi na bila kusimamishwa. Kwetu mtu husimama akakaguliwa tiketi, kisha akapapaswa mwili na kufunguliwa begi. Tuseme kazi hiyo inachukua sekunde 10. Hapo njia moja inapitisha watu 360 kwa saa.

Tuchukue sasa uwanja wenye njia 16 za namna hiyo na mashabiki 20,000. Njia zote zikifanya kazi bila kukatika zitaingiza watu 5,760 kwa saa. Watu 20,000 wanahitaji karibu saa tatu na nusu. Mageti yakifunguliwa saa tano na nusu mchana na mpira ukaanza saa tisa, hesabu inatosha, mradi watu waje kidogo kidogo. Lakini ikiwa watu 5,000 tu watakuja mapema, na 15,000 wakafika saa nane kwa mkupuo mmoja, basi kipenga kitakapolia saa tisa wataobaki nje ni zaidi ya 9,000. Wakisikia kelele za bao la mapema, watasukuma. Wa nyuma hawamwoni wa mbele. Wao wanasukuma hatua moja tu, lakini hatua hiyo ikizidishwa kwa maelfu humfikia aliyebanwa kwenye chuma.

Hadithi hii si ya Afrika peke yake. Kule Hillsborough, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki 10,100 wenye tiketi za kusimama walipangiwa njia 7 tu za kuingilia upande wa Leppings Lane. Fanya hesabu ileile kwa kiwango cha juu: 7 mara 660 ni watu 4,620 kwa saa. Walihitaji zaidi ya saa mbili kuingia wote, na wengi walifika katika saa ya mwisho. Msongamano wa nje ulipotisha, polisi wakafungua geti kubwa la kutokea, watu wakamiminika kwenye vizimba vya katikati ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Mechi haikuahirishwa hata kwa dakika chache. Waliokufa walifikia 97. Wengi wao hawakukanyagwa; walikosa pumzi wakiwa wamesimama, kwa kuwa kifua kilichobanwa hakiwezi kupanuka.

Hapo ndipo penye fundisho la kwanza. Watu wanne katika mita moja ya mraba wanaweza bado kusogea kwa hiari yao. Wakifika sita au saba, umati huwa kama maji: mtu hupelekwa asikotaka, na miguu yake haina tena amri. Dalili hujulikana mapema. Huwezi kuinua mkono uliokuwa chini. Unayumba bila kupiga hatua. Joto linapanda ghafla. Na wimbo unakatika wenyewe sehemu ile ile, bila mtu kuamuru, kwa kuwa asiyeweza kuvuta pumzi hawezi kuimba. Nitairudia dalili hii ya mwisho, maana ndiyo inayounganisha ngoma na usalama.

Basi ndilo linaloamua saa ya kufika

Tuanze na safari. Mashabiki wa timu kubwa kama Gor na Leopards wamejipanga kwa matawi, kila mtaa au mji na lake. Tawi huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na siku hizi lina kundi la simu. Mechi ya mbali ikitangazwa, mweka hazina huanza kupokea pesa kwa M-Pesa na kuandika majina. Kazi inaonekana ndogo, lakini orodha hiyo ya majina ni chombo cha usalama kuliko wengi wanavyodhani. Siku basi likipata ajali, au mtu akipotea katika msongamano, tawi lenye orodha hujua ndani ya dakika kumi ni nani hayupo. Tawi lililojaza basi kwa watu wa kudandia njiani litahesabu mpaka kesho yake.

Kosa la kawaida ni kuchelewesha malipo. Mwenye basi hataki kuondoka kabla ya kulipwa, mweka hazina anasubiri wanne watano wa mwisho ili hesabu ya kukodi itimie, na basi lililokuwa liondoke saa kumi alfajiri linang'oa nanga saa kumi na mbili. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni kama kilomita 350. Basi limefungiwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na ukiongeza miinuko, malori na vituo vya kula, safari huchukua saa saba au nane. Lililoondoka saa kumi litafika saa sita mchana na abiria wake wataingia uwanjani taratibu. Lililoondoka saa kumi na mbili litafika saa nane, yaani ndani ya ule mkupuo tulioupigia hesabu. Nauli iliyochelewa Nairobi inageuka msukumano Mamboleo. Huo si mfano wa kuchekesha, ndivyo mambo yanavyoshikana.

Lipo na jambo la dereva. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zinamkataza dereva kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kwenda Kisumu na kurudi Nairobi siku hiyo hiyo ni saa 14 hadi 16 barabarani. Kwa hiyo ama basi liwe na madereva wawili, ama kundi lilale Kisumu. Hakuna njia ya tatu iliyo halali. Tawi likiambiwa na mwenye gari kwamba "huyu kijana amezoea", lijue limeuziwa usingizi. Dereva wa pili anaongeza gharama, ndiyo, lakini gharama hiyo ikigawanywa kwa viti vya basi zima ni kidogo kwa kila kichwa.

Mamboleo yenyewe inajua uchungu wa safari za makundi. Tarehe 8 Agosti 2025, basi lililobeba waombolezaji waliotoka mazishini lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, hapo hapo Mamboleo, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Hao hawakuwa mashabiki, Mungu awarehemu. Lakini mzunguko huo ndio mabasi ya mashabiki hupitia, na safari ya kurudi jioni, abiria wakiwa wamechoka au wamelewa ushindi, ndiyo yenye hatari zaidi. Viongozi wa tawi wanaojua kazi yao humteua mtu mmoja wa kukaa karibu na dereva. Kazi yake ni kuzungumza naye, kutazama mwendo, na kuwazuia vijana wasichungulie madirishani wala kupanda juu ya basi linapoingia mjini. Vurumai ya kuingia mji kwa shangwe imevunja viungo vya wengi.

Ngoma kama usukani

Sasa tufike Kondele. Kundi likishuka, halitembei kimya. Jijini Nairobi mashabiki wa Gor wana desturi ya kukusanyika kwenye sanamu ya Tom Mboya kisha kwenda uwanjani kwa miguu, wakiimba. Kisumu mkusanyiko wa namna hiyo huwa mjini na Kondele, na barabara ya Kakamega ndiyo uwanja wao wa kwanza.

Wengi huona maandamano haya kama kero ya wenye maduka na matatu. Kwa jicho la usalama ni tofauti. Watu 2,000 wanaotembea nyuma ya ngoma wana mwendo mmoja, na mwendo huo unaweza kuongozwa. Mpigaji akipunguza, wote hupunguza. Akisimama, wa mbele husimama na wa nyuma husikia kwamba kuna kitu. Linganisha na watu 2,000 walioletwa na boda boda mmoja mmoja wakikimbilia geti lilelile: hao hawana wa kumsikiliza. Kwa hiyo kundi lenye ngoma likijua kwamba geti limejaa, linaweza kushikwa mita 300 nyuma kwa nyimbo mbili tatu bila mtu kuhisi amezuiwa. Polisi wakijaribu kulizuia kundi hilohilo kwa rungu, watu watahisi wameonewa na watasukuma zaidi.

Ndani ya uwanja kazi ya ngoma huendelea. Upande wa Leopards kuna isukuti, ngoma za Waluhya zinazopigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Upande wa Gor kuna ngoma, firimbi na nyimbo za Kijaluo zinazoitwa na mmoja na kuitikiwa na wengi. Sisi watu wa Pwani tunaijua namna hiyo, ni mwendo uleule wa kiongozi na waitikiaji ulio katika ngoma zetu.

Lakini kuna shida moja ya kimaumbile ambayo viongozi wa nyimbo huigundua kwa uzoefu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kutoka jukwaa la nyuma ya goli moja hadi la nyuma ya goli jingine ni rahisi kufika mita 170, yaani nusu sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Maana yake, anayesikia ngoma kutoka ng'ambo anaisikia ikiwa imechelewa pigo zima, na wimbo huvurugika. Ndiyo maana mashabiki wanaoimba vizuri huketi pamoja kuizunguka ngoma moja. Wakitapakaa, kila pembe huanza wimbo wake.

Kukaa pamoja huko kuna faida ya pili, ambayo ndiyo kiini cha makala hii. Mtazame kiongozi wa nyimbo: amesimama chini mbele ya jukwaa, mgongo umeelekea uwanja, uso umeelekea watu. Katika watu wote waliokuja kutazama mpira, yeye ndiye asiyeutazama. Anatazama nyuso. Mpira ukiingia wavuni na jukwaa zima likaporomoka kuelekea chini kwa shangwe, yeye ndiye wa kwanza kuona mtoto aliyebanwa kwenye chuma cha mbele. Na ikitokea sehemu moja ya jukwaa wimbo umekatika wenyewe, yeye ndiye wa kwanza kusikia pengo. Askari aliyesimama pembeni anatazama kama kuna anayerusha chupa. Kiongozi wa nyimbo anatazama kama watu wanapumua.

Kinachohitajika ni ishara moja iliyokubaliwa kabla, inayojulikana na kila tawi: ngoma ikinyamaza ghafla na mikono ya kiongozi ikapanda juu, watu wote warudi hatua moja nyuma, kuanzia wa juu kabisa. Kuanzia wa juu, kwa sababu wa chini hawana pa kwenda. Ishara hiyo haina gharama. Lakini haiwezi kufundishwa wakati wa hatari. Lazima ifanyiwe majaribio kabla ya mpira kuanza, kama sehemu ya mchezo wa nyimbo, mara mbili au tatu.

Na maneno ya nyimbo? Utani wa mashemeji ni tamu, na unafaa uendelee. Mpaka uko wazi kwa anayetaka kuuona: kumtania mtu kwa timu yake na vikombe alivyokosa ni mchezo; kumtukana kwa kabila lake au kwa kutahiriwa au kutotahiriwa ni siasa chafu iliyovaa jezi. Hapa pia kiongozi wa nyimbo ana nguvu kuliko askari. Wimbo mbaya ukianzishwa na vijana wachache, yeye haukemei. Anaagiza ngoma ipige wimbo mwingine wenye sauti kubwa, na ule mbaya hufa kwa kukosa waitikiaji.

Siku moja ya debi, saa kwa saa

Tuyaweke yote pamoja. Tuseme debi inachezwa Mamboleo saa tisa. Mkutano wa wiki hiyo umewakutanisha polisi, wasimamizi wa uwanja, klabu zote mbili na wawakilishi wa matawi, na kila upande umetoa nambari moja ya simu ambayo mwenyewe yuko getini, hayuko jukwaa la wageni mashuhuri. Mageti yanafunguliwa saa tano na nusu. Mabasi kutoka kaskazini yanaegeshwa upande wa Kakamega, yale ya kusini upande wa Kondele, na hakuna basi linaloruhusiwa kushusha watu mbele ya geti.

Matawi ya mbali yameahidi kuingia kabla ya saa saba. Maandamano ya Kondele yanaanza saa sita na nusu, mapema kuliko vijana wangependa, ili yafike kabla ya saa nane. Kilomita chache tu za njia, lakini kwa mwendo wa ngoma huchukua saa nzima na zaidi. Nje kabisa, mbali na mageti, kuna mstari wa kwanza wa kukagua tiketi. Asiye na tiketi anaishia hapo, hafiki kwenye chuma. Hilo ni muhimu kupita kiasi, maana mtu asiye na tiketi akiwa getini tayari, hawezi kurudi nyuma hata akitaka.

Saa nane na nusu, mwakilishi aliye getini anaona foleni haijapungua na watu wameanza kuyumba. Anapiga simu. Hapo kuna uamuzi mmoja tu wa busara: kuahirisha kipenga kwa dakika 20 au 30, na kutangaza kuahirishwa huko kwa vipaza sauti vya nje, si vya ndani peke yake. Anayejua kwamba mpira haujaanza hana sababu ya kusukuma. Uamuzi wa kufungua geti kubwa ili "kupunguza presha" bila kujua walioingia wataelekea jukwaa gani ndio ulioua Hillsborough.

Mpira ukimalizika, upande mmoja unatoka kwanza. Upande wa pili unaimba kwa dakika 20. Mtu akiambiwa akae kwa amri ya polisi anahisi mfungwa. Akibaki kwa sababu ngoma bado inalia na wachezaji wamekuja kupiga makofi mbele ya jukwaa, hata hajui kwamba amezuiwa. Na milango ya kutokea iwe imefunguliwa dakika 10 kabla ya mwisho, kila mmoja ukiwa na mtu na ufunguo.

Wasichoweza mashabiki

Nisieleweke kwamba mzigo wote ni wa mashabiki. Tarehe 18 Oktoba 2025, mwili wa marehemu Raila Odinga ulipoletwa Mamboleo, uwanja huu ulipokea umati mkubwa ajabu, na watu wengi walizimia au kuumia katika msukumano. Hakukuwa na viti vya kugawa, hakukuwa na tiketi, na wote walitaka kufika sehemu moja. Uwanja uleule, mageti yaleyale. Siku hiyo ilionyesha nini hutokea pale ambapo hakuna idadi iliyowekwa na umati hauna matawi ya kuushika.

Idadi haiwekwi na mashabiki. Inawekwa na anayechapisha tiketi. Mwezi Agosti 2025, baada ya watu kuvamia Kasarani wakati wa mashindano ya CHAN, CAF ilipunguza watazamaji wa mechi ya Kenya na Zambia hadi 27,000 na kuamuru tiketi za kielektroniki pekee. Watu walinung'unika, lakini agizo hilo liligusa chanzo chenyewe: tiketi inayouzwa getini siku ya mechi inamwita kila mtu getini. Mashabiki pia hawana funguo za milango wala hawaamui ni lini bomu la machozi litarushwa. Bomu moja likitua kwenye foleni iliyobanwa huwakimbiza watu wasio na pa kukimbilia, na kazi ya asubuhi nzima ya matawi huharibika kwa nusu dakika.

Ilivyo sasa, likitokea la kutokea, klabu hutozwa faini, mashabiki huitwa wahuni, na njia za kuingilia hubaki zilezile. Klabu ikilipa, hela haziendi kuongeza njia hata moja. Ningependa kuona, kabla ya debi yoyote kupelekwa Mamboleo, au kabla ya Gor kuja Mombasa, waandaaji wakitangaza hadharani mambo matatu: njia ngapi za kuingilia zitafunguliwa, zitafunguliwa saa ngapi, na nani mwenye mamlaka ya kuchelewesha kipenga. Kwa mambo hayo matatu shabiki yeyote anaweza kujipigia hesabu tuliyoipiga hapa. Zisipotoka, mweka hazina wa tawi na alipe basi mapema, na mpiga ngoma atoke Kondele saa sita.